Sahani nilipiga picha, chombo nikakichora: vielelezo vya ripoti yangu ya mafuta ya makonyo

Ripoti yangu ya mwaka wa mwisho ilihusu mafuta ya makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Kazi yenyewe ilikuwa na sehemu mbili: kukeneka mafuta, kisha kupima kama yanazuia bakteria wa stafilokoka wasiote kwenye sahani ya petri. Nilikuwa na picha nyingi kwenye simu. Nilipoketi kuandika niliamua kwamba picha itaingia kwenye ripoti ikiwa tu inamwonyesha msomaji kitu anachohitaji kukiona kwa macho yake.

Chombo cha kukenekea ndicho kilichonifikirisha zaidi. Ni chupa ya lita 1 yenye kitako cha mviringo, ina makonyo na maji, imekaa kwenye jiko la umeme. Juu yake kuna kipokeo cha Clevenger, na juu ya kipokeo kuna kondensa. Picha yake ilikuwa nzuri kuitazama, lakini nilipoisoma kama mgeni sikuona kitu. Kioo kiko mbele ya kioo, taa ya dari imeng'aa katikati ya mrija, na stendi na mipira ya maji imefunika sehemu ambazo ndizo kiini cha jambo.

Na kiini chenyewe kilikuwa hiki. Mafuta mengi ya mimea huelea juu ya maji, na kipokeo cha kawaida kimetengenezwa kwa hayo: mafuta hubaki juu kwenye mrija wenye alama, maji hutokea chini na kurudi kwenye chupa. Mafuta ya karafuu na makonyo ni mazito kuliko maji kwa sababu sehemu yake kubwa ni yujenoli, kwa hiyo huzama. Ukiyapitisha kwenye kipokeo cha kawaida yatateremka na kurudi chupani pamoja na maji. Kipokeo nilichotumia ni cha mafuta mazito: mafuta hukaa chini, na mrija wa kurudishia maji unaanzia juu. Tofauti hiyo yote iko kwenye mahali mrija mmoja unapoanzia, na kwenye picha mrija huo ulikuwa nyuma ya stendi.

Nikachora. Mchoro wa mkato, kana kwamba chombo kimepasuliwa katikati, ili msomaji aone njia ya mvuke kupanda, maji kushuka, na mafuta kutuama. Stendi na vibano sikuvichora kabisa. Mistari ya majina niliipiga kwa rula, hakuna mmoja unaokatiza mwingine, na majina yote nikayapanga upande wa kulia. Mishale ya maji ya kupoza inaonyesha yanaingia chini ya kondensa na kutoka juu. Mwishoni mwa maelezo niliandika "mchoro haukufuata kipimo", kwa sababu mrija wa kurudishia maji nimeunenepesha makusudi. Ukubwa halisi unaohitajika, yaani ujazo wa chupa, nikauandika kwa namba pembeni yake.

Sahani za petri zilikuwa kinyume chake. Duara wazi, yaani eneo ambalo bakteria wamezuiwa, linalozunguka kidonge cha karatasi kilicholoweshwa mafuta lina ukingo, na ukingo huo una habari: unaweza kuwa mkali, unaweza kuwa na ukungu, unaweza kuwa na vikoloni vichache vilivyoota ndani. Nikichora duara hilo, msomaji anapata mstari safi ambao haukuwepo kwenye sahani, na hana namna ya kunihakiki. Hapa lazima picha.

Fundi wa maabara, mama mmoja makini sana, alisimama nyuma yangu nikiandaa kupiga, akasema, "Mwanangu, hiyo rula na hiyo sahani haziko ghorofa moja." Alikuwa na maana hii. Sahani hupigwa ikiwa imefungwa kwa usalama, imegeuzwa kitako juu, na bakteria huonekana kupitia kitako hicho. Uso walioota uko karibu sentimita 1 juu ya meza. Rula ikilala mezani, simu ikiwa sentimita 20 juu, kilicho karibu na lenzi huonekana kikubwa zaidi: duara la milimita 20 litasomeka kama milimita 21. Ukipandisha simu hadi sentimita 50 na kukuza kwa zumu, kosa linashuka hadi chini ya nusu milimita. Nilifanya yote mawili. Simu niliifunga kwenye stendi, lenzi ikitazama chini wima, na rula nikaiinua kwa vipande vya kadibodi mpaka ikafika usawa wa bakteria. Chini ya sahani nilitandika kitambaa cheusi, flashi nikaizima, taa nikaiweka ubavuni, chini kidogo, ili utando wa bakteria uonekane mweupe na duara libaki jeusi.

Kipimo chenyewe nilikiweka kwa ImageJ, programu ya kupimia vitu kwenye picha. Unavuta mstari juu ya rula, kwangu milimita 50 zilichukua pikseli 1,200, kisha unafungua `Analyze > Set Scale` na kuandika 50 na mm. Hiyo ni pikseli 24 kwa kila milimita. Kabla ya kuendelea nilipima kidonge cha karatasi, ambacho kiwandani hukatwa kipenyo cha milimita 6. Kinapaswa kuwa pikseli 144 hivi. Kingezidi sana hapo, ningejua rula na sahani bado haziko usawa mmoja. Halafu `Analyze > Tools > Scale Bar` ikaniwekea mstari wa milimita 10 kwenye kona. Sikuandika "imekuzwa mara 2", kwa sababu maneno hayo yanaacha kuwa kweli mara tu picha inapopunguzwa ili iingie kwenye ukurasa, ilhali mstari hupungua pamoja na picha.

Maelezo ya picha niliyaandika hivi: "Picha 3. Stafilokoka kwenye aga baada ya saa 24 kwa nyuzi 37 za Selsiasi, sahani ikitazamwa kupitia kitako. A: kidonge chenye mafuta ya makonyo, mikrolita 10, duara wazi milimita 22, kidonge kikiwemo. B: kidonge chenye kiyeyusho peke yake. Mstari: milimita 10. Mwangaza umeongezwa kwa picha nzima. Vipimo vya sahani zote: tazama jedwali." Yale maneno "kidonge kikiwemo" yanaonekana madogo, lakini bila hayo msomaji mmoja atahesabu 22 na mwingine 16. B nayo iko kwenye picha ileile ya A, chini ya taa ileile, ili ulinganisho uwe wa haki. Vipimo vya sahani zote zilizorudiwa viko kwenye jedwali; picha ni ya sahani moja tu, na maelezo yanamwelekeza msomaji huko.

Kuna mahali pamoja nilipotumia vyote viwili. Mafuta yaliyotuama kwenye mrija wenye alama niliyapiga picha, lenzi ikiwa usawa wa mpaka wa mafuta na maji, karatasi nyeupe nyuma. Kando yake nikaweka kipande cha mchoro wa mrija huohuo, herufi zikilingana, kwa kuwa kwenye picha peke yake mtu asiyeijua kazi hii angedhani tabaka la juu ndilo mafuta.

Jambo la mwisho lilikuwa karatasi. Nakala za idara hutolewa kwa fotokopi nyeusi na nyeupe, na picha yenye kitambaa cheusi hugeuka doa. Nilitoa fotokopi ya ukurasa mmoja kwanza. Mstari wa kipimo ulikuwa umepotea, nikauhamishia kwenye ukanda mweupe chini ya picha, herufi A na B nikaziandika kwa wino mweusi ndani ya vibandiko vyeupe, na nakala iliyofuata ikasomeka yote.