Mibofyo mitatu, msomaji hakuna

Leo nimewatumia wenzangu watatu rasimu ya ripoti kwa kiungo kifupi, kila mmoja kwa ujumbe wake, kisha nikafungua takwimu za kiungo.

Mibofyo mitatu ndani ya dakika moja! Nilifurahi, mpaka nilipokumbuka kwamba mmoja wao alikuwa amezima simu.

Kumbe programu ya ujumbe ilikuwa ikikifungua kiungo yenyewe ili itengeneze kionjo cha faili cha kuonyesha ndani ya ujumbe, na kila mara ikahesabiwa kama mbofyo.

Maelezo ya shughuli ya faili yalionyesha waliohariri na niliowashirikisha, si waliotazama wala waliopakua.

Basi nimewaomba waingie kwa akaunti zao na kuacha maoni ndani ya faili, kwa kuwa maoni hubaki na jina na saa.

Ninyi humtambuaje msomaji halisi?