Kome wa Dunga na ile rangi ya kijani

Jana jioni nilikuwa Dunga, kwenye Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, na shemeji yangu kutoka Kilifi, mtu aliyezoea kuokota chaza maji yakipwa. Ziwa lilikuwa kijani, rangi nzito imejikusanya ukingoni. Akaona kome kwenye matope, akaanza kuwatia kwenye ndoo. Nikamwambia, "Shemeji, waache hao." Akajibu, "Tutawachemsha mpaka waive kabisa."

Nimeamua kuandika kwa sababu wengi tunaamini hivyo. Moto huua bakteria. Lakini kijani kile cha Ghuba ya Winam mara nyingi huwa na Mikrosistisi, vijidudu vinavyotengeneza sumu iitwayo mikrosistini, inayoumiza ini. Umbo lake ni kama pete iliyofungwa imara, na maji yanayochemka hayaivunji. Tena kuchemsha maji yenyewe hupasua vile vijidudu, na sumu iliyokuwa ndani inamwagika majini.

Kome hula kwa kuchuja maji, kwa hiyo sumu hujikusanya mwilini mwake. Yeye haonekani mgonjwa, hanuki, na ladha haibadiliki. Hata ziwa likisafika, sumu inaweza kubaki ndani yake kwa muda. Ni maabara tu inayoweza kuijua.

Baharini kuna sumu nyingine ya chaza iitwayo saksitoksini, nayo haiogopi moto. Ukila chaza kisha midomo na vidole vikaanza kuchonyota au kufa ganzi, kimbia hospitali mara moja. Haina dawa ya kuizima. Mgonjwa husaidiwa kupumua mpaka imtoke mwilini.

Shemeji alimwaga ndoo. Tulikula omena.