Siku niliyosimama mbele ya watu kumi na moja ghalani

Ilikuwa Novemba 2022, msimu wa korosho umekolea, Mtwara nzima inanuka vumbi la magunia na malori yanashusha mpaka usiku. Mimi nilikuwa msaidizi wa ubora kwenye ghala moja hapa mjini, kazi yangu kuchukua sampuli, kupima unyevu, kukata korosho na kuandika kwenye daftari, kazi ya kimya kimya na ndo maana niliipenda. Jumatatu meneja akanikuta kwenye meza ya sampuli akasema Ijumaa saa tatu uje utuelezee timu nzima kwa nini yale magunia 23 yamerudishwa, dakika kumi zinakutosha, akaondoka. Mimi nikabaki na mkasi wa kukatia mkononi, miguu imekuwa kama si yangu.

Niseme ukweli mimi kuongea mbele za watu nilikuwa siwezi kabisa. Kidato cha pili niliwahi kusimamishwa kwenye dibeti nikasema "ndugu mwenyekiti" af nikakwama hapohapo, darasa likacheka, nikakaa. Tangu siku ile kama kuna kikao mi nakaa nyuma karibu na mlango. Sa hapa nyuma hakuna, ni mimi na ukuta.

Jumatatu usiku nikafanya kosa ambalo nadhani waoga wengi tunalifanya, nikaandika hotuba nzima. Kurasa nne za daftari, neno kwa neno, kuanzia "habari za asubuhi" mpaka "asanteni kwa kunisikiliza", na slaidi kumi na nne zenye majedwali ya kila gunia. Nikaikariri kama sura ya Kurani. Jumanne jioni nikajaribu kuisema nikiwa nimesimama chumbani, nyumbani kwetu Mikindani, ilienda vizuri mpaka katikati ya ukurasa wa pili neno moja likapotea, neno moja tu, na likaondoka na kila kitu. Sikuweza kuruka niendelee mbele, ilibidi nianze tena kutoka salamu. Nikaanza tena, nikakwama palepale. Hapo nikaelewa kitu kibaya, kwamba nilichokariri ni mpangilio wa maneno, sio habari yenyewe, na habari yenyewe nilikuwa naijua vizuri kuliko mtu yeyote pale ghalani kwa sababu yale magunia niliyapima mwenyewe!

Jirani yetu mmoja ni nesi, nikamfuata uani anafua, nikamwambia dada mi Ijumaa nitaanguka. Akacheka kidogo, akasema huanguki. Akanieleza kwamba moyo kudunda, mikono kutetemeka na mdomo kukauka ni mwili umejimwagia ile homoni ya kukimbia hatari, adrenalini, na kwa watu wengi inapanda sana pale mwanzoni af ukishaanza kuongea inashuka yenyewe, kwa hiyo shida yako kubwa ni dakika moja au mbili za mwanzo, hizo ndo uzipange. Akanifundisha kupumua, unavuta hewa kwa hesabu ya nne unaitoa polepole kwa hesabu ya sita mpaka nane, maana ukitoa hewa ndo moyo unapunguza kasi, ukivuta ndo unaongeza. Watu tukiogopa tunavuta tu, tunavuta, hatutoi, af tunashangaa kizunguzungu. Akasema fanya dakika tano, na uanze leo, usisubiri Ijumaa mlangoni maana mwili haujazoea. Na akanionya, haitaondoa woga, itaushusha tu kiasi cha wewe kuweza kuongea.

Jumatano nikachana zile kurasa nne (sio kwa hasira, bibi alitaka za kuwashia jiko). Nikajiuliza hivi nikipewa sentensi moja tu nitasema nini? Nikapata kwamba magunia 23 yaliyorudishwa yote yalikuwa ya mstari wa chini kabisa, yaliyokaa kwenye sakafu. Yani hiyo tu. Ya juu yalikuwa na unyevu asilimia 8 na nusu, ya chini asilimia 12, wakati kikomo tulichokuwa tunatumia ni 10. Sakafu ya zege inapitisha unyevu wa ardhini, na hapa tuko pwani hewa yenyewe nzito, gunia likilala chini wiki tatu bila chaga ya mbao linanyonya tu. Kwa hiyo habari yangu ilikuwa na vipande vitatu, magunia, sakafu, chaga. Nikaandika hayo maneno matatu kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi la biskuti kidogo kama kiganja. Boksi kwa sababu karatasi ya kawaida mikono ikitetemeka inapiga kelele na watu wote wanaona, boksi gumu halionyeshi.

Vitu nilivyokariri neno kwa neno vikabaki sentensi mbili za kufungulia na moja ya kufungia. Za kufungulia zilikuwa hizi, "Mwezi uliopita yamerudishwa magunia 23. Yote 23 yalikuwa yamelala kwenye sakafu." Hizo nilizisema mpaka nikawa naziota, nikiosha vyombo, nikiwa kwenye daladala natazama bahari nasema kwa mdomo bila sauti, mama mmoja pembeni akaniuliza mwanangu uko salama? Slaidi nazo zikatoka kumi na nne zikawa tatu, na moja ilikuwa picha tu niliyopiga kwa simu, gunia la chini lina doa jeusi.

Jioni nikamkalisha bibi kwenye mkeka, anamenya ming'oko, nikasimama mbele yake na simu inarekodi. Nikamaliza nikaangalia, dakika nne na sekunde kumi! Maneno ya dakika kumi nimeyasema kwa nne. Nikamuuliza bibi umesikia nini? Akasema, "Mjukuu wangu, nimesikia unakimbia. Unamkimbia nani?"

Nikasikiliza rekodi na ni kweli, mwisho wa kila sentensi nilikuwa naumeza, na kila nikikwama najaza "eee, kwa hiyo". Nikarudia, safari hii nikajilazimisha kila nikimaliza kipande nakaa kimya navuta hewa na kuitoa mara moja ndo naendelea. Kile kimya mimi nilikiona kirefu kama foleni ya malori, kwenye rekodi ni sekunde tatu. Mara ya nne ikafika dakika nane, nikaiacha hapo, hizo mbili ni za maswali. Nikamuuliza tena bibi umesikia nini. "Korosho za chini zimelowa, mnataka mbao." Bibi yangu hajawahi kuingia ghalani. Nikasema basi, akielewa huyu wataelewa na wao.

Alhamisi baada ya kazi nikaomba funguo ya chumba cha mkutano, nikasimama palepale nitakaposimama, nikaongea kwa sauti kwa viti vitupu. Najua inaonekana ujinga, ila ndo nikagundua waya wa projekta haufiki kwenye ile meza na feni inapuliza kila kitu, mambo ambayo Ijumaa yangenimaliza. Nikaandika pia maswali niliyoogopa kuulizwa, matano, chaga moja bei gani, ghala zima linataka ngapi, na mengine hivohivo, kila moja na jibu la mstari mmoja.

Ijumaa nikanywa uji na kipande cha muhogo, chai ya rangi nikaiacha maana chai nzito tumboni mwangu inazidisha kutetemeka, nikawahi nusu saa. Nikakaa nyuma ya ghala kwenye magunia matupu nikapumua zile dakika tano. Moyo bado unadunda, sidanganyi, ila ulikuwa unadunda kama mtu aliyepanda ngazi, sio kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Watu walipokuwa wanaingia nikasimama mlangoni nasalimia mmojammoja, shikamoo mzee, mambo kaka, na hii hakunifundisha mtu ila ilinisaidia kuliko vyote, maana sauti yangu ikawa imeshatoka kabla sijaanza na wale watu kumi na moja wakarudi kuwa watu ninaowajua.

Nikasimama. Nikamwangalia dada karani kwa sababu yeye huwa anatikisa kichwa, nikasema sentensi ya kwanza. Nikasema ya pili. Hapohapo mzee wa ghala akanikata, "Hayo 23 umeyahesabu wewe mwenyewe au umeambiwa?" Damu yote ikapanda masikioni, na najua kabisa kama ningekuwa na zile kurasa nne ningefia pale. Nikatoa hewa. Nikasema nimeyahesabu mwenyewe mzee, na namba za magunia ninazo hapa, nitakupa tukimaliza. Nikatazama kiboksi changu, neno la pili, sakafu, nikaendelea. Kufika kwenye ile picha ya doa jeusi nikashtuka kwamba mikono imetulia na sijui imetulia saa ngapi. Goti la kushoto lilitetemeka mpaka mwisho ila lilikuwa nyuma ya meza, na baadae dada karani akaniambia mbona wewe huogopi, nikamtazama tu.

Maswali matatu niliyoyaandika yakaja karibu kama yalivyo. La nne halikuwa kwenye orodha yangu, kaka anayesimamia upakiaji akauliza ile mashine ya kupimia unyevu ilikaguliwa lini mara ya mwisho, isije ikawa inatudanganya. Swali zuri, na mimi sikuwa na jibu. Zamani ningeanza kubabaika natunga kitu. Nikasema hilo silijui kaka, naangalia kwenye daftari la vifaa, kabla ya saa kumi leo nitakuwa na jibu. Akasema sawa. Tu. Hakuna aliyecheka, meneja akaandika kitu, nikasema ile sentensi yangu ya kufungia, naomba chaga kwa mstari wote wa ukutani kwanza kabla ya mzigo wa wiki ijayo, nikakaa. Dakika tisa.

Saa nane nikafungua daftari la vifaa. Mashine ilikaguliwa mara ya mwisho kabla ya msimu wa mwaka uliopita, yani zaidi ya mwaka. Nikaazima mashine ya ghala la jirani nikapima upya magunia sita, matatu ya juu matatu ya chini, yetu ilikuwa inasoma juu kidogo, karibu nusu asilimia, ila ya chini yalikuwa bado yamepita kikomo. Nikaandika nikapeleka kwa meneja, saa tisa na nusu. Akasoma amesimama, akanirudishia karatasi.

"Vizuri. Jumatatu waambie wote."