Muuzaji aliniambia friji nilipeleke Dar

Nilinunua friji dukani hapa Mtwara mjini. Kabla hata ya kutimiza mwezi likaacha kugandisha. Kompresa ilikuwa inanguruma na imechemka, lakini ndani maji yalikuwa vuguvugu kama ya mtungi uliokaa juani.

Muuzaji akanionyesha kadi: "Dada, waranti ni ya kampuni. Kwa hili ulipeleke Dar." Zaidi ya kilomita 500, na nauli ya mzigo juu yangu!

Kadi ile, iliyoandikwa mwaka mmoja kwa friji na miaka mingi zaidi kwa kompresa, ni ahadi ya mtengenezaji, naye ndiye anayeipangia masharti yake. Lakini muuzaji naye ana wajibu wake, hata pasipo kadi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaostahili. Kasoro iliyofichika, usiyoweza kuiona unapokagua dukani, ikijitokeza mapema, unaweza kukikataa kitu na kudai fedha yako. Ila ukiendelea kukitumia kimyakimya muda mrefu unahesabika umekipokea, na hapo unabaki na madai ya fidia tu. Kwa hiyo nilichomoa waya siku ileile, nikaandika barua ya kulikataa friji na kubaki na nakala iliyosainiwa dukani.

Nilijua watasingizia umeme, kwa sababu kadi nyingi hazigharamii kilichoungua kwa umeme kupanda na kushuka. Nikamwita fundi, nikamkataza kufungua chochote, maana bomba likishakatwa wanasema umelichezea mwenyewe. Akalivuta friji, akamulika tochi nyuma: kwenye kiungio kilichochomelewa kiwandani palikuwa na doa la mafuta lililoshika vumbi. Akapaka povu la sabuni na vipovu vikaanza kufura kimoja kimoja. Gesi ilikuwa inavuja hapo, na mafuta ya kompresa yakitoka nayo. Umeme hauwezi kutoboa kiungio. Nikapiga picha na video.

Nilirudi dukani na picha, risiti ya EFD na ile barua. Meneja akaelekeza kidole kwenye bango la "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Nikamwambia, kaka, hilo ni la mteja aliyebadili mawazo. Mimi nimeuziwa friji bovu. Nikaongeza kwamba nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC. Sijui ni FCC au ni wateja waliokuwa wanasikiliza pale kaunta, ila sauti yake ilishuka.

Fedha hakutaka kurudisha. Alikubali kunipa jipya na gari la kulileta nyumbani, nami nikaridhika, kwani friji ndilo nililokuwa nalihitaji. Gharama ya fundi alikataa katakata, nikamwachia. Kabla ya kuondoka nilisimamia kadi mpya ijazwe namba ya friji jipya na tarehe ya siku hiyo, kwa sababu alishaanza kuandika ile ya zamani.