Muhtasari wa matumizi ya duka: mistari miwili niliyoiongeza chini

Kwa wanaoufuata mradi huu: duka ni la vifaa vya ujenzi, Wete, la ami yangu. Kazi yangu ni hesabu za matumizi, kwenye Excel. Shiti ya Miamala ina mistari elfu tatu na kitu na bado inarefuka, kwa sababu watu watatu wanaiandika na mmoja wao anaandikia kwenye simu akiwa bandarini anasubiri mzigo wa Tanga. Ami haitaki shiti hiyo. Anachotaka ni ukurasa mmoja: mwezi huu usafiri umekula ngapi, umeme ngapi, chakula cha vijana ngapi.

Kolamu za Miamala ni nne: A tarehe, B maelezo, C aina ya matumizi, D kiasi. Majina sita ya aina yanayokubalika nimeyaweka kwenye shiti ya pembeni iitwayo Orodha: Usafiri, Mishahara, Umeme, Kodi, Matengenezo, Chakula. Kwenye shiti ya Muhtasari, seli B1 ina tarehe mosi ya mwezi ninaoutaka, na kolamu A ina majina hayo kuanzia A4 kushuka. Fomula ya kiasi ni hii:

```
=SUMIFS(Miamala!$D$2:$D$4000,
 Miamala!$C$2:$C$4000,$A4,
 Miamala!$A$2:$A$4000,">="&$B$1,
 Miamala!$A$2:$A$4000,"<"&EDATE($B$1,1))
```

Ya idadi ni COUNTIFS yenye masharti yale yale, bila kolamu D ya mwanzo. Zingatia kwamba masafa yote lazima yawe na urefu mmoja. Ukiweka moja liishie 4000 na jingine 3999, unapata #VALUE!, na hilo ni kosa zuri kwa sababu linaonekana.

Yasiyoonekana ndiyo yaliyonishughulisha. Nilijaribu Machi 2025. Aina sita zilileta mistari 76 yenye jumla ya shilingi 3,851,500. Ukurasa ulipendeza, kila kitu mahali pake. Lakini nilipojumlisha mwezi mzima kwa tarehe peke yake, bila kuuliza aina, nikapata mistari 103 na shilingi 4,862,500. Mistari 27 na shilingi 1,011,000 hazimo kwenye ukurasa, na hakuna hata seli moja iliyolalamika. SUMIFS haina kosa hapo: imeulizwa Usafiri, imejibu Usafiri.

Kwa hiyo chini ya aina sita nikaongeza mistari miwili, "Hazina aina" na "Aina haijulikani", halafu mstari wa tofauti ambao ni jumla ya mwezi kutoa vyote vilivyo juu yake. Tofauti isiposoma sifuri, ukurasa hautoki. Kwa maoni yangu mistari hii mitatu ina thamani kuliko chati yoyote ya rangi.

Seli tupu

Kuhesabu zisizo na aina si kuandika sharti tupu tu. Masafa yangu yanafika 4000 na data haijafika huko, basi mistari yote mitupu ya chini nayo ingehesabiwa. Sharti la tarehe linaikata, lakini kwa hesabu ya shiti nzima bila mwezi ninaweka sharti la pili kwamba kiasi kiwepo:

```
=COUNTIFS(Miamala!$C$2:$C$4000,"",
 Miamala!$D$2:$D$4000,"<>")
```

Alama mbili za kunukuu zisizo na kitu ndani ("") zinashika seli isiyo na kitu kabisa, na pia seli yenye fomula inayotoa utupu. Sharti "=" linashika ile ya kwanza peke yake. Tofauti hii inaonekana ndogo mpaka utakapoweka kolamu ya kusafisha, maana hapo kila seli ina fomula na "=" itakujibu sifuri huku mistari mitupu ikiwa imejaa tele. Jambo jingine: ukielekeza sharti kwenye seli ambayo yenyewe ni tupu, mathalani $A10 usiyoandika kitu, Excel inaichukulia kuwa ni 0 na inatafuta aina iitwayo 0. Kwa hiyo mstari wa "Hazina aina" una fomula yake mwenyewe. Haukuburutwa kutoka juu.

Machi ilileta mistari 11 mitupu, shilingi 387,000. Iliyobaki 16, ya shilingi 624,000, ilikuwa na maandishi ambayo Orodha haiyatambui.

Maandishi yaliyokosewa

Kwanza nilichoacha: herufi kubwa na ndogo. "USAFIRI", "usafiri" na "Usafiri" kwa COUNTIFS na SUMIFS ni kitu kimoja. Binamu yangu alikuwa ameanza kuzirekebisha moja moja, nikamwambia apumzike.

Nafasi ni habari nyingine. Kibodi ya simu ukigusa neno inalolipendekeza hukuongezea nafasi mbele yake, na "Usafiri " yenye nafasi si "Usafiri". Kwa macho huwezi kuliona. Andika =LEN(C812) pembeni: Usafiri lina herufi 7, ukiona 8 umeshampata. Kolamu C siigusi, nataka ibaki kama ilivyoandikwa. Badala yake kolamu E inasafisha:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(C2,CHAR(160)," "))
```

TRIM peke yake haitoshi kwa sababu haiiondoi ile nafasi ngumu, herufi namba 160, inayokuja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye kurasa za mtandao. Baada ya kusafisha, mistari 5 ya shilingi 216,000 ilirudi yenyewe kwenye aina zake. Mmoja wa shilingi 15,000 ulikuwa na nafasi tupu peke yake, umehamia kwa wasio na aina.

Iliyobaki ni makosa ya kweli ya uandishi, pamoja na majina ya mitaani. "Usafri" na "Chakla" ni makosa. "Tukuza" si kosa, ndivyo watu wanavyoita umeme wa kununua, na mwandishi wetu wa bandarini haandiki neno jingine. Zilikuwa mistari 4 ya shilingi 140,000, kwa hiyo umeme wa Machi uliosomeka 212,000 ulikuwa kwa hakika 352,000. Kwa haya nimefungua shiti ya Marekebisho yenye kolamu mbili, lililoandikwa na linalokusudiwa, na E sasa ni:

```
=IFERROR(VLOOKUP(TRIM(SUBSTITUTE(C2,CHAR(160)," ")),
 Marekebisho!$A$2:$B$60,2,FALSE),
 TRIM(SUBSTITUTE(C2,CHAR(160)," ")))
```

Kuna waliopendekeza niache yote haya nitumie nyota kwenye sharti, mfano "Usaf*", ikamate kila lililokosewa. Sikubali. Kwenye shiti hii hii yupo aliyeandika "Usafi" kwa mafagio na sabuni, na nyota ingemtia kwenye nauli za jahazi. Lile neno nililisomea kolamu ya maelezo kwanza, ndipo nikalipeleka Matengenezo. Kompyuta haiwezi kujua kama mtu alikusudia usafi au alikatisha usafiri katikati.

Kolamu F inatoa hukumu ya kila mstari:

```
=IF(D2="","",IF(E2="","Tupu",
 IF(COUNTIFS(Orodha!$A$2:$A$7,E2)=0,"Haijulikani","Sawa")))
```

Muhtasari sasa unasoma E badala ya C, na mstari wa "Aina haijulikani" ni SUMIFS ya kawaida inayotafuta neno Haijulikani kwenye F. Marekebisho yameokoa mistari 8, shilingi 308,000. Zimebaki 2 za shilingi 85,000, zote zimeandikwa alama ya kuuliza. Ukitaka kuzihesabu hizo, sharti "?" litakudanganya, kwa kuwa kwa Excel alama hiyo ni herufi moja yoyote. Andika "~?".

Machi baada ya hapo: aina sita mistari 89, shilingi 4,375,500, hazina aina 12, shilingi 402,000, haijulikani 2, shilingi 85,000. Jumla 103 na 4,862,500. Tofauti sifuri.

Nilimwonyesha ami. Hakutazama usafiri wala umeme.

"Hizi laki nne na alfu mbili hazina jina. Zimekwenda wapi?"

"Zimetumika, ami, ila aliyeandika hakusema kwa nini."

"Basi muulize yeye. Usizitie popote mpaka aseme."

Nami ndivyo nilivyotaka. Kishawishi ni kuzisukumia kwenye aina iitwayo "Mengineyo" ukurasa uonekane msafi, na mwezi ujao Mengineyo ikawa ndiyo kubwa kuliko zote.

Sifuri isiyotosha

Mstari wa tofauti una upofu mmoja. Kiasi kilichoandikwa "60,000/=" kwa Excel ni maandishi, si namba. COUNTIFS inauhesabu mstari huo, SUMIFS inauruka, na jumla ya mwezi nayo inauruka, kwa hiyo pande zote mbili zinapungukiwa sawa na tofauti inabaki sifuri. Nimeweka kipimo cha pekee juu ya ukurasa:

```
=COUNTIFS(Miamala!$D$2:$D$4000,"*")
```

Nyota hapa inashika maandishi tu, namba inaziacha. Machi ilikuwa na mmoja, nauli ya boti. Ulipoandikwa upya kama namba, jumla ya mwezi ikawa 4,922,500. Kipimo kama hicho nimeweka kwa kolamu A pia, kwani tarehe iliyoandikwa "31.3.2025" ikibaki maandishi haiingii mwezi wowote, na mstari wake unapotea kwenye kila ukurasa.

Kinachofuata ni kuweka orodha ya kuchagua kwenye kolamu C kwa Data Validation. Sitarajii miujiza: haikagui yaliyokwishaandikwa mpaka uiambie Circle Invalid Data, na mtu akibandika kutoka kwingine anaifuta kabisa bila kujua. Kwa hiyo kolamu E na F zinabaki. Binamu sasa anaingiza Januari na Februari kwenye Marekebisho, na tayari ameleta tahajia nne za neno Matengenezo.