Slaidi 21 zilivyobaki nne

Mada yenyewe nilikuwa nimeshaitoa mara mbili mbele ya maofisa ugani wenzangu: kuhifadhi mahindi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile ambayo wakulima wetu wengi wanaiita kinga njaa. Ilikuwa ya dakika 20 na slaidi 21. Siku nne kabla ya mkutano wa viongozi wa vyama vya ushirika vya msingi nikapigiwa simu kwamba ratiba imejaa, nimebakiziwa dakika tano, na baada yangu anaingia mtu wa mbolea.

Nilifanya kama ambavyo wengi wangefanya. Nikahifadhi faili kwa jina jingine ili la zamani libaki salama, nikafungua `Slide Sorter` nizione slaidi zote kwa pamoja, nikaanza kufuta zile nilizoona hazina uzito. Zikabaki 11. Jioni nikajifungia chumbani, nikawasha saa ya simu, nikasema haraka kuliko ninavyosema siku zote. Dakika 8 na sekunde 50.

Badala ya kufuta zaidi, nilirudia tena huku nikijirekodi, kisha nikasikiliza na kuandika kila slaidi imekula muda gani. Hapo ndipo nilipoona tatizo lilipo. Jina la mada, salamu, shukrani na mpangilio wa nitakayosema vilikula dakika moja na sekunde 20 kabla sijataja hindi hata moja. Grafu ya matokeo peke yake ilikaribia dakika mbili, kwa sababu kabla ya kusema inaonyesha nini ilinibidi nieleze mstari wa chini ni miezi, wa pembeni ni punje zilizotobolewa, na rangi hii ni ya mfuko upi.

Rekodi ikanionyesha kosa jingine ambalo macho hayakuliona. Kwenye grafu niliandika T1, T2 na T3, kama tulivyoyaita makundi ya majaribio. Maana ya herufi hizo ilikuwa kwenye slaidi ya tano, na slaidi ya tano nilikuwa nimeifuta. Mara mbili nilijisikia nikisema "kama tulivyoona kwenye jedwali lililopita", na jedwali halikuwepo tena. Ukifuta slaidi, maneno yaliyoiegemea yanabaki kwenye slaidi nyingine na kinywani mwako, na mwenyewe huyasikii kwa sababu mada unaijua kwa moyo.

Kesho yake nikachapisha slaidi zote 21 za mwanzo, sita kwa ukurasa, nikazikata kwa mkasi na kuzitandaza mezani. Nyuma ya kila kikaratasi nikaandika sentensi moja tu: hii inamwambia msikilizaji nini? Saba zilinishinda. Nyuma ya ramani ya vijiji, kwa mfano, nilichoweza kuandika ni "tulifanyia huku". Hizo saba nilizitoa bila uchungu.

Uchungu ulikuja kwa zile zenye sentensi nzuri. Nilikuwa na slaidi niliyoipenda sana, ya safari ya dumuzi: mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kati, aliyeonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akasambaa nchi baada ya nchi. Kila nilipoieleza watu walitulia. Nikajiuliza viongozi hawa wakitoka ukumbini wanakwenda kuamua nini. Wanakwenda kuamua kama chama kiagize mifuko kwa pamoja kabla ya mavuno, na wakiagiza, wawaelekeze nini wanachama. Safari ya dumuzi haimsaidii mtu kwenye uamuzi huo. Nikaiweka pembeni.

Iliyonisumbua zaidi ni ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na kwenye mada ndefu nilianza na habari hiyo. Ingefungua vizuri hata ile fupi, maana hakuna ambaye hangenyamaza kusikiliza. Lakini katika dakika 20 nilikuwa na nafasi ya kueleza kwamba mfuko huu hauondoi sumukuvu iliyokwisha kuingia shambani au wakati wa kukausha. Unazuia wadudu, na kama mahindi ni makavu, ukungu haupati nafasi ya kuendelea. Katika dakika tano, nikianza na vifo kisha nikaonyesha mfuko, msikilizaji ataunganisha mwenyewe kwamba mfuko ni dawa ya sumukuvu. Nisingekuwa nimesema uongo hata neno moja, ila wangeondoka na uongo. Nikaitoa, na hadi leo naona nilifanya sawa.

Vikabaki vikaratasi vitano: punje zilizoliwa na zisizoliwa, kwa nini mdudu anakufa ndani ya mfuko, unyevu wa mahindi, namna ya kufunga, na bei. Bado vilizidi. Nikatoa unyevu. Niliona ni jambo ambalo mkulima yeyote analijua, kwamba mahindi yanaanikwa kabla ya kuhifadhiwa, na slaidi yenyewe ilikuwa jedwali la asilimia. Nikabaki na nne, nikajipima: dakika 4 na sekunde 35. Nilifurahi.

Jioni hiyo nikampelekea mama mdogo, ambaye analima ekari tatu za mahindi na hajawahi kutumia mifuko hii. Nikamwekea kompyuta kwenye kigoda pale barazani, nikamweleza mwanzo mpaka mwisho. Akasikiliza kwa makini, akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, nikishapukuchua jioni nafunga hapo hapo, dumuzi asiwahi kuingia?"

Lilikuwa swali la akili kabisa. Kutokana na nilichomwambia, hilo ndilo jibu. Na lingemharibia mahindi yote. Mfuko huu hauingizi hewa na hautoi unyevu. Kwenye kiroba cha kawaida mahindi yenye unyevu kidogo hupumua, yakaendelea kukauka polepole. Humu unyevu hauna pa kutokea, na ukifungua baada ya miezi kadhaa unakutana na harufu ya kuvunda, punje zimeshikamana na ukungu umetanda. Yanatakiwa yafikie asilimia 13.5 au chini ya hapo. Nilikuwa nimetoa sharti nikabakiza ahadi.

Tangu siku hiyo nikipunguza mada naanzia hapo: natafuta kwanza kitu ambacho kikitoka, vilivyobaki vinageuka kuwa ushauri mbaya. Hicho hakiguswi, hata kama slaidi yake haivutii.

Unyevu ukarudi, lakini si kwa jedwali. Asilimia 13.5 haimsaidii mtu asiye na kipima unyevu. Nikaamua kutumia chupa na chumvi. Unachukua chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, unatia mahindi hadi theluthi, unaongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, unatikisa dakika moja, kisha unaiacha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Isipoganda, unyevu umeshuka chini ya kama asilimia 15, na kwa kuwa kipimo hiki hakishuki zaidi ya hapo, yarudi juani siku moja au mbili zaidi ndipo yafungwe. Robo saa ni mara tatu ya muda niliopewa, kwa hiyo nilipanga kuandaa chupa mbili asubuhi hiyo, moja ya mahindi yaliyokauka na moja ya yale ambayo bado, nije nazo zikiwa tayari zimeshatulia. Slaidi ikawa haihitajiki. Unainua chupa mbili, watu wanaona.

Ili kupata muda huo nilipunguza sehemu ya hewa. Nilikuwa na grafu ya oksijeni ikishuka siku hadi siku ndani ya mfuko, kazi ambayo ilinichukua wiki nzima kuichora. Nikaiondoa na kuweka sentensi mbili: dumuzi anapumua kama sisi, ukimfungia asipate hewa mpya, anaimaliza iliyomo, anaacha kula, anakufa. Kwa kuagiza mfuko na kuutumia vizuri, hayo yanatosha. Grafu ya punje zilizotobolewa nayo ikatoka, ikaingia picha ya viganja viwili vya mahindi ya shamba moja baada ya miezi sita: kimoja kutoka kiroba cha kawaida, kimejaa unga na matundu, kingine kutoka mfuko usiopitisha hewa. T1, T2 na T3 zikafutika, hakuna mhimili wa kueleza, na dakika mbili zikawa sekunde 20.

Zikabaki nne: viganja viwili, mfuko na tabaka zake, namna ya kufunga, na hesabu ya bei ya mfuko ikilinganishwa na dawa ya unga ya kuulia wadudu. Hakuna ya jina langu, kwa sababu mwenye mkutano ndiye anayekutambulisha. Hakuna ya "Asanteni" pia. Hiyo niliitoa kwa sababu mwisho wa mada, watu wanapouliza maswali, skrini inabaki na slaidi ya mwisho kwa muda mrefu kuliko nyingine zote. Nikapanga ya mwisho iwe picha ya kufunga: mfuko wa ndani umekunjwa shingo na kufungwa peke yake, wa pili juu yake vivyo hivyo, halafu kiroba cha nje. Wengi wanakosea hapo, wanakusanya tabaka zote tatu na kuzifunga kwa kamba moja, hewa inapita.

Zile 17 nyingine sikuzitupa. Kumi zilibaki kwenye faili la zamani. Saba ambazo nilihisi zinaweza kuulizwa, ikiwemo ya oksijeni na ya sumukuvu, niliziweka baada ya ile ya nne, nikazificha kwa `Hide Slide`, na namba zake nikaziandika kwenye karatasi ndogo mfukoni. Onyesho likiwa linaendelea, unaandika namba ya slaidi kwenye kibodi kisha unabonyeza `Enter`, nayo inafunguka hata kama imefichwa. Ni afadhali kuliko kurudi nyuma slaidi moja moja mbele ya watu.

Siku ya mkutano nilitumia dakika 4 na sekunde 50. Zile sekunde 15 zilizoongezeka ni za chupa, maana niliziacha zizungushwe mkono kwa mkono badala ya kuziinua tu. Swali la kwanza lilitoka kwa mzee mmoja wa safu ya mbele: mfuko huu unaondoa sumukuvu? Nikabonyeza 8, nikabonyeza `Enter`, nikamjibu kwa utulivu kwamba hapana, na kwa nini. Kisha nikarudi kwenye ile ya nne. Wakati mtu wa mbolea anaunganisha kompyuta yake, wanawake wawili walikuwa wamesogea hadi kwenye skrini, wakinyoosha kidole kwenye lile fundo la mfuko wa ndani na kubishana kama shingo imekunjwa mara moja au mara mbili.