Kadi ya benki iliyoisha muda ndiyo iliyonibadilishia matairi

Fundi aliniambia, "Dada, haya yanakufikisha Pasaka bila shida." Alikuwa amechuchumaa mbele ya kigari changu, kapitisha kidole gumba juu ya meno ya tairi, basi, kipimo kimeisha. Na mimi nikamwamini, maana hata nilipotazama mwenyewe niliona meno yapo.

Wiki mbili baadaye nilikuwa natoka Morogoro kurudi Dodoma. Gairo niliipita kukavu, ila kabla ya Kibaigwa mvua ikamwagika. Kwenye zile alama za magurudumu ya malori lami imebonyea, na maji yalikuwa yamesimama humo. Nilikuwa kwenye themanini hivi. Ghafla usukani ukawa mwepesi kama wa gari la mtoto, injini ikapiga kelele kidogo, gari likaelea kuelekea upande wa pili. Sikukanyaga breki, si kwa ujuzi, ni kwa kuganda. Niliachia mafuta tu, matairi yakashika lami tena. Kutoka hapo hadi nyumbani niliendesha arobaini, mabasi yakinipigia honi.

Kesho yake nikazungusha usukani wote kushoto ili nione upande wa ndani wa tairi, upande ambao fundi hakuusogelea. Kumbe huko kulikuwa karibu kipara! Nje meno marefu, ndani yamelika.

Ubavuni mwa tairi tafuta herufi TWI au pembetatu ndogo. Ukifuata alama hiyo hadi kwenye mifereji mikuu utakuta kituta cha mpira kimelala kukatiza mfereji, kama tuta la barabarani lililosinyaa. Kituta hicho kimeinuka milimita 1.6 kutoka sakafu ya mfereji. Meno yakishalika hadi kulingana nacho, tairi limekwisha, hakuna mjadala. Ila kwenye maji tairi huanza kukutupa kabla ya hapo, kwa sababu mfereji wenye kina kidogo hauwezi kuyatoa maji yote chini ya tairi ukiwa kwenye mwendo. Mimi nimejiwekea milimita 3.

Kupima hizo 3 ndiko kulikonitoa jasho. Nilianza na njiti ya kiberiti: naichomeka, naweka alama ya kalamu, naipeleka kwenye rula ya mwanangu. Mara nne, majibu tofauti. Mara 4, mara 2 na kitu. Nikalaumu rula, nikalaumu macho. Kumbe njiti mara inagusa sakafu ya mfereji, mara inakaa juu ya kituta! Ukitumia njiti, hakikisha imesimama mbali na kituta.

Halafu nikapata akili. Kadi ya benki ina unene wa karibu robo tatu ya milimita, kwa hiyo mbili zikibebana ni milimita 1.5. Nikachukua kadi iliyoisha muda, nikakata vipande viwili vyembamba vya kuingia mferejini (epuka sehemu yenye namba zilizovimba, zinaongeza unene). Nikavilaza vyote viwili juu ya kituta: 1.6 ya kituta na 1.5 ya kadi, hapo tuna 3 na kidogo. Vipande vikizama chini ya meno, endelea na safari. Vikichomoza, andaa hela.

Mfereji wa nje vilizama. Wa katikati vilikuwa sawasawa. Wa ndani hata kipande kimoja kilichomoza. Tairi huhesabiwa kwa mfereji uliolika zaidi, si kwa ule unaopendeza. Tairi la mbele la upande wa kulia hali ilikuwa hiyo hiyo, na ya nyuma yote yalikuwa bado mazuri.

Nikanunua mawili, laki tatu na chenji, nikarudi kwa yule yule fundi. Tukagombana, yeye anataka mapya yakae mbele "maana ndiko injini inakovuta". Nikakataa. Mapya yalikwenda nyuma, yaliyokuwa nyuma yakaja mbele. Mbele ikiteleza unaachia mafuta, gari linarudi, nimeonja mwenyewe. Nyuma ikiteleza gari linazunguka, na dereva kama mimi halirudishi. Akafunga huku ananuna.

Lililokuwa halijaisha ni kwa nini yamelika ndani tu. Upepo mdogo hula kingo zote mbili, upepo mwingi hula katikati. Ndani peke yake ni magurudumu kutonyooka. Nikapeleka gari kupimwa mashineni, wakakuta ya mbele yamekaa vibaya kweli. Ningeyaacha hivyo, na haya ya sasa yangeliwa kule kule.

Fundi aliyaomba yale makuukuu ayauze, akaniambia kwa nje bado yana sura. Nikaweka vipande vyangu kwenye mfereji wa ndani, akachungulia, kisha nikayapakia nikaondoka nayo.